Mlima Unasema Kuliko Jua: Kujua Picha ya Bahari Kuu Ilipigwa Wapi

Picha ya mjini ina mabango, nguzo za umeme, namba za magari na rangi ya udongo. Picha ya bahari kuu ina maji na mbingu. Ndiyo maana ikisambaa kwenye simu picha ya boti, ikiambatana na maneno kwamba abiria wake wamepotea njiani kwenda Mayotte au kwamba meli inayoonekana nyuma imetekwa, wengi wetu huyakubali maneno ya aliyeituma. Tunadhani hatuna cha kuyapimia.

Kipimo kipo. Picha nyingi za baharini zina angalau vitu viwili kati ya vinne: mstari wa upeo wa macho, meli au chombo kingine, jua, na umbo la nchi kavu kwa mbali. Kati ya hivyo, jua ndilo watu hulikimbilia kwanza, na mimi naona ndilo linalopewa sifa kubwa kupita uwezo wake. Jua hukuonyesha mpigapicha alielekea wapi. Alikuwa wapi, hilo huelezwa vizuri zaidi na mlima. Njia ya kuliona jambo hili ni kuchukua picha moja na kuifuata mpaka mwisho.

Tuseme picha imepigwa alfajiri kwa simu ya kawaida kutoka kwenye boti. Bahari imetulia. Mbele kuna mlima mmoja mpana, mweusi kwa kuwa mwanga unatoka nyuma yake, na jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya kilele. Kushoto kwa mlima huo, mbali kidogo, kuna kinundu kingine kifupi. Katikati ya vilima hivyo hakuna kinachoonekana ila maji. Upande wa kulia inapita meli ndefu ya mafuta. Maelezo yanasema tu: “Karibu na Comoro.”

Kazi ya kwanza ni kuutambua mlima. Visiwa vinne vya Comoro havifanani hata kidogo vikitazamwa kutoka baharini. Ngazidja ina Karthala, volkeno yenye kimo cha mita 2,361, ambayo miteremko yake ni mirefu na ya taratibu, na juu yake kuna shimo la volkeno lenye upana wa kilomita kadhaa, kwa hiyo kilele chake huonekana kama kimekatwa. Nzwani hufika mita 1,595, lakini ni kisiwa cha migongo mikali na mabonde yaliyochimbika, na umbo lake lina ncha. Mwali ni mgongo mmoja wa chini, mita 790 hivi. Mayotte ni ya chini zaidi, mita 660 kwenye Mlima Benara. Mlima mpana wenye kichwa bapa, na kinundu kimoja kifupi kando yake, ni Ngazidja. Kinundu ni La Grille, volkeno nyingine ya kisiwa hichohicho, yenye mita 1,087, nayo iko kaskazini mwa Karthala.

Hapo tayari tumepata jambo kubwa bila hesabu yoyote. La Grille iko kaskazini, na kwenye picha iko kushoto. Mtu anayeiona kaskazini kushoto kwake ameelekea mashariki, kwa hiyo boti iko magharibi ya kisiwa. Hilo linaafikiana na jua la asubuhi. Kama kinundu kingekuwa kulia, tungekuwa na habari mbili tu za kuchagua: ama picha imegeuzwa kama kwenye kioo, jambo ambalo kamera za mbele za simu hulifanya mara nyingi, au lile jua si la asubuhi bali ni la magharibi, na boti iko upande wa Nzwani. Maandishi ubavuni mwa chombo chochote yangetosha kuamua. Nimeona watu wakipoteza muda mrefu kwenye mahesabu ya jua kabla ya kufanya ukaguzi huu wa dakika moja.

Sasa upeo wa macho. Mstari ule ambapo maji hukutana na mbingu hauko mbali kama tunavyofikiri. Ukichukua kimo cha jicho kutoka usawa wa maji kwa mita, ukatafuta kipeuo chake cha pili, kisha ukazidisha kwa 3.86, unapata umbali wa upeo kwa kilomita. Namba hiyo tayari imehesabu kwamba hewa huupinda mwanga kidogo kufuata mviringo wa dunia. Mtu ambaye simu yake iko mita 4 juu ya maji ana upeo wa kilomita 7.7 tu. Akipanda kwenye sitaha yenye mita 16, upeo unasogea hadi kilomita 15 na ushei.

Tunajuaje kimo cha simu wakati hatukuwepo? Upeo wenyewe husema. Kitu chochote kilicho karibu na mpigapicha hukatwa na mstari wa upeo kwenye kimo kilekile cha kamera. Ikiwa kuna mashua mita chache pembeni, na upeo unapita nyuma ya paji la uso la mtu aliyesimama ndani yake, basi kamera iko sawa na paji hilo. Ikiwa upeo unapita juu ya mlingoti wake, picha imepigwa kutoka chombo kikubwa. Hili pekee linaweza kuumbua picha zinazodaiwa kupigwa na manusura ndani ya mtumbwi, wakati upeo unaonyesha wazi kwamba aliyezipiga alikuwa juu ya sitaha ya meli. Katika picha yetu tuseme ni mita 4.

Upeo ukiwa kilomita 7.7, kila kilichoko ng’ambo yake kimezama kwa chini, na kadiri kilivyo mbali ndivyo kinavyozama zaidi. Hiyo ndiyo sababu kati ya Karthala na La Grille tunaona maji. Ardhi ipo, na vijiji vipo, lakini vimefichwa na mviringo wa dunia. Sehemu iliyofichwa huhesabiwa hivi: toa umbali wa upeo kwenye umbali wa mlima, gawanya kwa 3.86, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mlima ulio kilomita 93 unafichwa mita 488 za chini. Kwa Karthala zinabaki mita 1,873 juu ya maji.

Tatizo ni kwamba umbali ndio tunaoutafuta. Hapa inabidi kupima picha yenyewe. Simu nyingi zina lenzi kuu ya upana unaofanana, na picha yenye upana wa pikseli 4,000 iliyopigwa na lenzi hiyo, bila kukuzwa wala kukatwa, hutoa pikseli 52 hivi kwa kila digrii moja katikati ya picha. Ukiikuza kwenye kompyuta na kuhesabu kutoka mstari wa upeo hadi kilele, ukapata pikseli 60, kilele kiko digrii 1.15 juu ya upeo. Kisha unajaribu umbali mmoja baada ya mwingine: unachukua mita zilizobaki juu ya maji, unagawanya kwa umbali kwa mita, unazidisha kwa 57.3. Ukijaribu kilomita 80 unapata digrii 1.44, pembe kubwa mno. Kilomita 100 inatoa 1.03, ndogo mno. Kilomita 93 inatoa 1.15. Boti iko kilomita 93 kutoka kilele cha Karthala.

Kuna kitu kizuri kwenye hesabu hii. Katika umbali wa namna hiyo, pikseli moja ni sawa na kilomita moja hivi. Ukikosea kuhesabu kwa pikseli 5, umekosea kwa kilomita 5, na unajua umekosea kwa kiasi gani. Lakini picha ikipitia WhatsApp hupunguzwa ukubwa. Ikibaki na upana wa pikseli 1,600, kilele chetu kinakuwa na pikseli 24 tu, na kila pikseli inabeba kilomita mbili na nusu. Mbaya zaidi, anayepokea hajui kama imekatwa pembeni.

Usipojua lenzi wala historia ya picha, jua linaweza kukuokoa kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: litumie kama rula. Upana wa duara lake angani ni digrii 0.53, leo na kesho, hapa na kwingine kote. Kwenye picha yetu kamili duara hilo lina pikseli 28, na mlima una kimo cha majua mawili na kidogo zaidi. Uwiano huo haubadiliki hata picha ikikatwa au kupunguzwa. Sharti ni kwamba ukingo wa jua uonekane wazi, kama linavyokuwa jekundu nyuma ya utusiutusi wa alfajiri. Likishawaka, mng’ao huivimbisha picha yake mara tatu au nne, na rula imeharibika.

Mpaka hapa tuna duara la kilomita 93 kuizunguka Karthala, na tunajua tuko nusu yake ya magharibi. Sasa ndipo jua linapotumika kwa kazi yake halisi, yaani mwelekeo. Limechomoza juu ya kilele, kwa hiyo mwelekeo wa jua na mwelekeo wa kilele kutoka kwenye boti ni mmoja. Ukijua tarehe, tovuti kama SunCalc itakupa mwelekeo wa jua kwa digrii. Unachora mstari kutoka Karthala kurudi nyuma kwa mwelekeo huo, na pale unapokata duara ndipo ilipo boti.

Tarehe ndiyo kila kitu hapo. Katika latitudo ya Ngazidja, tarehe 21 Juni jua huchomoza kwenye digrii 66 za dira, kaskazini ya mashariki. Tarehe 21 Desemba huchomoza kwenye digrii 114, kusini ya mashariki. Picha ya Juni inaiweka boti magharibi-kusini-magharibi ya mlima, na ya Desemba inaiweka magharibi-kaskazini-magharibi. Sehemu hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya kilomita 75. Na ukiangalia ramani utaona jambo la ajabu: mstari wa Juni ukiurefusha hadi bara unafika Pemba ya Msumbiji, na ule wa Desemba unakwenda karibu sana na Mtwara. Picha moja, mlima mmoja, jua moja, na chombo kingeweza kuwa kimetoka nchi mbili tofauti.

Kwa hiyo aliyeandika “Karibu na Comoro” bila tarehe ametuachia majibu mawili. Wengi wangekimbilia saa iliyohifadhiwa kwenye faili. Tuseme inasomeka saa 11 na nusu alfajiri. Desemba jua hufikia kilele hicho kama saa 11 na dakika 45 kwa saa za Tanzania na Comoro, na Juni kama saa 12 na nusu. Inaelekea kuwa ni Desemba. Lakini Msumbiji iko nyuma kwa saa moja. Simu iliyotoka Pemba ya Msumbiji, isiyokuwa na mtandao baharini wa kuirekebisha, ingeandika saa 11 na nusu kamili mwezi Juni. Saa iliyoonekana kuthibitisha Mtwara inathibitisha vizuri zaidi Msumbiji, na asiyejua tofauti hiyo angeandika jibu lisilo sahihi kwa uhakika wote.

Anayeamua ni kile kinundu kifupi. Kutoka sehemu ya Juni, La Grille iko mbali kuliko Karthala, kilomita 105 hivi, na mita 640 zake za chini zimefichwa. Kinachobaki kwenye picha ni pikseli 12 au 13, alama nyembamba juu ya maji. Kutoka sehemu ya Desemba, La Grille iko karibu kuliko Karthala, kilomita 80 hivi, na inasimama pikseli 27, zaidi ya mara mbili. Tofauti hiyo haihitaji tarehe, saa wala dira. Unaiona kwa jicho. Ikiwa kinundu ni robo ya mlima mkubwa au pungufu, boti iko kusini-magharibi. Ikikaribia nusu yake, boti iko kaskazini-magharibi. Ukiwa na Google Earth unaweza kujiweka kwenye kila sehemu, mita 4 juu ya maji, ukatazama Karthala na kulinganisha maumbo mawili na picha yako. Programu ya PeakFinder nayo huchora mstari wa milima kutoka mahali unapopachagua.

Katika picha yetu kinundu kina pikseli 12. Picha imetoka njia ya Msumbiji, majira ya Juni.

Na meli? Nimeiacha mpaka sasa makusudi, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu isipokuwa katika hali moja. Meli za mafuta kutoka Ghuba kwenda Rasi ya Tumaini Jema hupita kwenye Mlango wa Msumbiji, kwa hiyo kuiona moja hapo si ajabu. Utaitambua kwa sitaha yake iliyolala bapa na kujaa mabomba, kreni ndogo katikati, na nyumba ya mabaharia nyuma kabisa. Ikiwa imejaa, imelala chini na rangi nyekundu ya tumbo lake haionekani. Ikiwa tupu, mkanda mpana mwekundu unatokeza juu ya maji. Zilizojaa kwa kawaida huelekea kusini, na tupu hurudi kaskazini. Kwa mtu aliyeelekea mashariki kusini ni kulia, kwa hiyo meli iliyojaa inayokwenda kulia inakubaliana na yote tuliyoyasema. Inakubaliana, lakini haithibitishi. Meli za gesi nazo zimeongezeka upande huu tangu mtambo unaoelea wa Coral Sul uanze kusafirisha gesi kutoka Cabo Delgado mwaka 2022, na zenyewe zinaweza kuelekea popote.

Hali moja ninayoisema ni pale jina la meli linaposomeka, au namba ya IMO yenye tarakimu saba iliyoandikwa kwenye mwili wake. Meli kubwa zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba kifaa cha AIS kinachotangaza mahali zilipo, na kumbukumbu zake huhifadhiwa. Ukipata jina na siku, unaweza kupata njia ya meli hiyo karibu kwa dakika, na hapo mlima unageuka kuwa shahidi wa pili. Ila kifaa hicho kinaweza kuzimwa au kupotoshwa, na kwa hiyo hesabu ya mlima isiachwe hata jina likisomeka.

Upepo pia una neno lake. Juni ni majira ya kusi na Desemba ni kaskazi. Katika picha inayotazama mashariki, bendera ya chombo kilichotia nanga ikipepea kuelekea kushoto inasukumwa kutoka kusini. Chombo kinachokwenda hutengeneza upepo wake mwenyewe, na bendera yake haifai kwa kazi hii.

Mipaka ya njia hii nayo ijulikane. Kipimo cha 3.86 kinachukulia kwamba hewa ni ya kawaida. Kama hewa haikuupinda mwanga kabisa, jibu letu la kilomita 93 lingepungua kwa kilomita 3 hivi. Siku ambazo maji ni baridi na hewa ya juu yake ni ya moto, mwanga hupinda kupita kiasi, na kisiwa huonekana kimenyanyuliwa au kimevutwa kwenda juu. Dalili yake ni ukingo wa chini uliokatika wima, au meli inayoelea hewani juu ya upeo. Picha yenye dalili hizo usiipimie umbali. Karthala yenyewe hujifunika mawingu mara nyingi kuanzia asubuhi kukiwa kumekwisha pambazuka, na mtu anaweza kupima kichwa cha wingu akidhani ni kilele. Kilele halisi kina ukingo mkali usiobadilika kati ya picha mbili zilizopigwa kwa kupishana dakika kumi.

Na kama hakuna nchi kavu kabisa? Hapo ndipo jua linapoachwa peke yake, na udhaifu wake hujitokeza. Mabaharia wa zamani walipata mahali pao kwa jua, lakini walikuwa na sekstanti na saa sahihi. Kwenye picha ya simu, kosa la digrii moja katika kimo cha jua ni kosa la kilomita 111 baharini. Saa ikikosea dakika moja tu, umesogea robo digrii ya longitudo, yaani karibu kilomita 28 katika ukanda wetu. Anayekuonyesha picha ya jua na maji matupu, kisha akakutajia mahali ilipopigwa kwa usahihi wa kilomita tano, amekisia au ana habari nyingine asiyokutajia.

Kwa wale wanaosafiri au kuvua baharini, kuna mambo machache yatakayomsaidia sana mtu atakayelazimika kuitafuta picha yenu siku ya shida. Pigeni bila kukuza, upeo na nchi kavu vikiwa katikati ya picha, na ubavu wa chombo chenu uonekane ili kimo cha kamera kijulikane. Rudieni baada ya dakika kumi. Mkiituma kwa WhatsApp, itumeni kama faili la hati, ili ifike na pikseli zake zote na saa yake, na andikeni simu ilikuwa inafuata saa za nchi gani.